Ndege wa Kwenye Kitambaa

Nilikuwa na miaka kumi na sita vita vilipoanza, na kilichotufungisha mimi na mama yangu ni kitambaa cha meza nilichokidarizi kwa mkono wangu mwenyewe.

Tuliishi Rugu, magharibi ya Bukoba, katika kibanja chenye migomba, mibuni michache na maharage yaliyopandwa katikati. Wazazi wangu walivuka kutoka Rwanda kabla sijazaliwa, wakawa vibarua katika mashamba ya watu mpaka walipopata mahali pao. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kusalimia na kuuliza bei. Nyumbani tuliongea Kinyarwanda, na kwa majirani tuliongea Kinyambo, naye akikiongea vizuri kiasi kwamba wageni hawakutambua alikotoka. Lakini wenyeji walijua.

Kudarizi nilifundishwa na sista aliyekuwa akija parokiani kwetu kila Jumamosi. Alikuja na karatasi zenye michoro ya maua, tukiinakili juu ya kitambaa kwa kalamu ya risasi kisha tukiifuata kwa sindano. Karatasi zilipokwisha alituambia kila mmoja atafute mchoro wake mwenyewe. Wenzangu walirudia maua yale yale. Mimi nilichukua sinia.

Lilikuwa sinia la bati lililopakwa rangi nyeupe ya kung'aa, na katikati palikuwa na ndege. Baba ndiye aliyelileta, sijui kutoka wapi. Alisema ndege yule anaitwa tausi, na hapo ndipo ujuzi wetu wote juu ya tausi ulipoishia. Hakuna aliyewahi kumwona akiwa hai. Isitoshe, sinia lilikuwa limetumika miaka mingi kupepetea maharage na kuanikia karanga, na rangi ilikuwa imebanduka nusu nzima ya upande wa kulia. Kichwa kilibaki, na shingo, kifua na miguu. Kuanzia mgongoni kwenda nyuma palikuwa na bati jeusi lenye kutu.

Niliuhamisha mchoro kwa jicho. Nyuzi nilizokuwa nazo zilikuwa za rangi tatu: buluu, njano na nyekundu. Pale rangi ilipobanduka sikujua niweke nini, kwa hiyo nikamalizia ndege kwa mkia mfupi na mabawa yaliyokunjwa, kama ndege yeyote. Nilijivunia sana kazi ile. Sista aliigeuza nyuma kuangalia mafundo, akasema ni safi. Mama alikitandika kitambaa mezani siku za sikukuu tu.

Habari za vita zilipofika, kijiji kilibadilika katika muda wa wiki moja. Ilisemekana majeshi ya Uganda yamevuka mpaka upande wa Misenye, na kwamba kwetu wangeweza kufika kupitia kivuko cha Murongo siku yoyote. Mgambo walianza kulala ofisi ya kijiji. Watu waliokuwa na ndugu ng'ambo waliacha kuwataja. Mtu aliyepita njiani bila kusalimia alikumbukwa, na aliyesalimia mno pia alikumbukwa.

Siku moja mama alifua kitambaa kile na kukianika kwenye ua wa mbele, wanapopita watu wote waendao kisimani. Sikuwaza lolote. Saa nne asubuhi nilikuwa nikimenya ndizi barazani nilipoona watu watatu wamesimama uani. Mmoja alikuwa kamanda wa mgambo wa kijiji, mwanamume mrefu aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika mashamba ya Buganda. Wawili walikuwa vijana wake. Kamanda alikuwa amekishika kitambaa kwa ncha mbili, akikitazama kama mtu anayesoma barua.

“Shikamoo,” nikasema.

Hakuitikia. “Nani kashona huyu ndege?”

“Mimi.”

“Unamjua ni ndege gani?”

“Ni tausi.”

Aliwageukia wenzake. “Mnasikia? Tausi.” Akanigeukia tena. “Huyu nimemtazama kila siku kwenye bendera ya Uganda, miaka yote niliyokaa kule. Ndiye huyu huyu. Kishungi kichwani, shingo ndefu, nyekundu hapa chini ya kidevu. Mmemwanika mbele ya nyumba ili nani amwone?”

Mama alitoka jikoni mikono ikiwa na majivu. Aliuliza kwa Kinyarwanda kuna nini. Lugha ile, katika dakika ile, ilitosha kabisa. Tuliambiwa tutangulie mbele.

Walitufungia katika ghala la kahawa la kijiji. Msimu ulikuwa umekwisha na ndani hamkuwa na kitu ila mzani, rundo la magunia matupu na vumbi la maganda lililofika juu ya vidole vya miguu. Kulikuwa na dirisha moja, juu, lenye wavu wa waya. Mlango ulikuwa wa bati na ulifungwa kwa nje kwa komeo na kufuli. Mchana bati liliwaka joto mpaka huwezi kuliegemea. Vumbi lile lilitukaa kooni, tukawa tunakohoa kwa zamu.

Mlinzi wetu alikuwa mtu mzima wa upande wa Nyakakika, si mkali, ila alikuwa na amri. Alituambia kupitia mlangoni: “Mtazungumza Kiswahili tu. Hata Kinyambo kamanda hakitaki, anasema kinaingiliana na Kinyarwanda. Nikisikia lugha nyingine nitamwita kamanda.”

Mama alielewa nusu. Nilipomweleza kwa Kinyarwanda, mlinzi akagonga bati kwa fimbo. Tangu hapo mama akanyamaza. Hakuwa na Kiswahili cha kusema hofu, wala cha kunifariji, na mimi niliyekuwa nacho sikuwa na la kumwambia ambalo angelielewa. Tulikaa juu ya magunia, magoti yakigusana, na lililokuwa kati yetu halikuweza kusemwa. Nilikuwa sijawahi kukaa na mama bila sauti yake. Alikuwa mtu wa kuongea na kuku, na moto, na jembe.

Mara moja tu alijaribu. Alinitazama muda mrefu, akasema, “Wewe… njaa?”

“Hapana, mama.”

“Mimi… hapana pia.” Ndivyo mazungumzo ya siku nzima yalivyokwisha.

Jirani alituletea ndizi na maharage asubuhi na jioni. Alimkabidhi mlinzi chakula na kuondoka haraka bila kusogelea mlango. Nilisikia sauti za wanawake wakipita kwenda kisimani. Walipokaribia ghala waliacha kuongea, na walipolipita wakaendelea. Niliweza kupima ukubwa wa ghala lile kwa urefu wa ukimya wao.

Nilikuwa na muda wa kumfikiria ndege wangu. Nilijilaza chali nikamdarizi upya kichwani, mshono kwa mshono, na kadiri nilivyofanya hivyo nilizidi kuogopa, kwa sababu nilianza kukumbuka nilichofanya. Bondeni chini ya kibanja chetu kuna mafunjo, na humo walikuwa wakitua ntuha, korongo wenye taji, wawili wawili. Nilikuwa nikiwaona tangu nikiwa mtoto. Kwenye sinia kishungi cha tausi kilikuwa vijiti vichache vyembamba, kila kimoja kikiwa na kitu kama kipepeo kidogo nchani. Vile vya nchani vilinishinda kwa sindano. Basi nikashona nyuzi zilizonyooka tu, nyingi, za njano, kwa sababu ndivyo nilivyojua kishungi cha ndege kilivyo. Chini ya kidevu nilikuwa na uzi mwekundu uliobaki, na ntuha ana kinyama chekundu pale. Nikaweka fundo moja. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilidhani ndege anapendeza zaidi.

Kwa hiyo kamanda hakuwa mwendawazimu. Alichokiona kilikuwapo, na mimi ndiye niliyekiweka. Niliingiwa na hali ya kutaka kupiga mlango, lakini ningepiga niseme nini?

Siku ya tatu mlinzi alituambia, si kwa ubaya, kwamba lori la jeshi lingepita kesho yake na tungepelekwa Kayanga, na kutoka hapo Bukoba. Mama alilisikia neno Bukoba. Aliniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa. Kisha akasema polepole, akitafuta kila neno:

“Sinia. Sema wao. Sinia.”

Sikuwa nimelifikiria. Nilisogea mlangoni.

“Mzee,” nikamwambia mlinzi, “ndege yule nilimtoa kwenye sinia. Liko nyumbani, limening'inia ukutani jikoni. Mwambie kamanda alitazame kabla lori halijafika.”

“Sinia gani?”

“La kupepetea. Lina tausi.”

Nilimsikia akiondoka, na nilipomsikia akirudi hakusema kitu. Siku ile iliisha hivyo.

Asubuhi ya nne kufuli lilifunguliwa. Mwanga ulituumiza macho. Nje palikuwa na meza ya kupimia kahawa, na juu yake kitambaa changu na sinia letu. Kamanda alikuwapo, na katibu wa kijiji, na mzee mmoja aliyevaa koti la kaki lisilo na vifungo. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa askari wa wanyamapori huko Kyerwa kabla ya kustaafu, na mgambo walikuwa wamemwita awaeleze njia za porini ziendazo mtoni mpakani. Katibu ndiye aliyefikiria kumwonyesha ndege.

Tuliwaamkia. Mzee peke yake akaitikia, “Marahaba, wanangu.”

Aliinama juu ya kitambaa bila kukigusa. Kisha akaniuliza, “Ulikuwa na nyuzi za rangi ngapi?”

“Tatu, mzee.”

“Basi rangi tuziache,” akamwambia kamanda. “Buluu yake si buluu ya ndege, ni ya uzi aliokuwa nao. Mtu anayeshona au kuchonga hawezi kuweka kila kitu. Anaweka vichache anavyodhani vinatosha. Ukitaka kumjua mnyama wa namna hiyo usianze na rangi, wala na vitu vilivyo rahisi kubuni. Tazama umbo. Tazama kila kitu kinaanzia wapi.”

“Kishungi ni cha kwenye bendera,” kamanda alisema.

“Kinafanana. Lakini kinaota wapi? Ntuha unamjua. Mbele kichwani ana kofia nyeusi laini, na taji lake liko nyuma ya kofia hiyo, limetawanyika kama ufagio. Hapa binti amekiweka utosini kabisa, kimesimama wima. Pale ni pa tausi.”

“Mkono wa msichana unaweza kukosea.”

“Unaweza. Kwa hiyo hilo peke yake halitoshi.” Mzee alikubali bila kubishana. “Bendera unaikumbuka vizuri?”

“Naikumbuka.”

“Korongo wa bendera amesimamaje?”

Kamanda alifikiri. “Kwa mguu mmoja. Mwingine kaukunja.”

“Ndivyo. Kila anayemchora kwa ajili ya bendera huukunja mguu ule, hata kama mengine ameyaacha. Huyu kasimama kwa miguu miwili.”

“Na mkia? Tausi ana mkia mrefu, hata mimi nimesikia. Huyu hana.”

Mzee aliliinua sinia, akalilaza upande dhidi ya jua la asubuhi. Alituita sote tusogee. Pale rangi ilipobanduka, palipokuwa peusi kwangu miaka yote, mwanga uliopita kwa ubavu ulionyesha kingo nyembamba za rangi zilizobaki, kama alama za maji yaliyokauka. Mistari ilitoka mgongoni ikaenda mpaka ukingoni mwa sinia, na katikati ya mistari palikuwa na viduara, kimoja baada ya kingine.

“Haya ni macho ya manyoya yake,” alisema. “Niliwaona tausi kwa Mhindi mmoja Bukoba, nilipokuwa kijana nikimfyekea bustani. Watu husema mkia, lakini ni manyoya ya mgongoni yanayoufunika mkia. Mkia wenyewe ni mfupi, uko chini yake. Binti hakuukata. Alipofika hapa hapakuwa na kitu cha kufuata.”

Kamanda alitazama sinia, akatazama kitambaa. Kisha akaweka kidole juu ya fundo jekundu chini ya kidevu.

“Na hii? Kwenye sinia hakuna nyekundu hapa. Kichwa kizima kipo na hakuna. Hii imetoka wapi?”

Nilijua swali hilo lingefika. Mama alikuwa amesimama kando yangu bila kuelewa hata sentensi moja katika yote yaliyosemwa kwa Kiswahili, akisoma nyuso tu. Ningeweza kusema sijui. Niliona kwamba uongo wowote ambao ningeusema, kamanda angelirudia lile fundo tena na tena mpaka lori lifike.

“Niliongeza mwenyewe,” nikasema. “Na kishungi pia, zile nyuzi nyingi. Sijawahi kuona tausi. Nimewaona ntuha bondeni kwetu. Nilipokwama nilimtilia vya ntuha.”

“Umesikia?” kamanda alimwambia mzee. “Amekubali.”

“Amesema kweli,” mzee alisema. “Ukimwambia mtu amchonge simba naye hajamwona, atamchongea uso wa mbwa wake.” Alinigeukia. “Mwanangu, na hiki ulikitoa wapi?”

Alionyesha nyuma ya mguu wa ndege, juu kidogo ya vidole. Palikuwa na mshono mmoja mfupi wa njano, umechongoka kwenda nyuma. Nilikuwa nimeusahau kabisa.

“Kwenye sinia. Upo.”

“Ulijua ni nini?”

“Hapana, mzee. Niliuona tu nikaushona.”

Aliweka sinia karibu na kitambaa. Kwenye mguu wa ndege wa sinia palikuwa na mwiba huo huo, mahali hapo hapo.

“Jogoo wako anao,” alimwambia kamanda. “Tausi dume anao pia, maana ni wa ukoo wa kuku. Ntuha hana. Nenda bondeni ukamtazame. Ana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi, lakini mwiba juu ya mguu hana, na hakuna anayemchora akamwekea. Nyekundu aliijua akaiongeza. Huu hakuujua. Mtu habuni asichokijua. Huu aliunakili.”

Katibu alikohoa. Kamanda aliinama mwenyewe, akautazama mshono ule kwa karibu, kisha ule wa sinia, na nilimwona akiugusa kwa ukucha kama anayetaka kuhakikisha haukuwekwa asubuhi ile. Nadhani alitaka sana tuwe na hatia. Si kwa kutuchukia. Alikuwa na mpaka mzima wa kuogopa na hakuwa na adui hata mmoja wa kumshika mkononi, ila sisi.

“Hata akiwa tausi,” alisema mwishowe, “hawa si watu wa hapa.”

“Hilo ni jambo lingine,” katibu akajibu. “Umeniambia ni bendera. Si bendera.”

Lori lilipita saa sita mchana likielekea kaskazini, na halikusimama kwetu. Tuliambiwa twende nyumbani. Kitambaa kilibaki mezani, na kamanda akasema kitakaa ofisini. Sinia tuliruhusiwa kulichukua. Masharti yalikuwa mawili: tusitoke nje ya kijiji, na kila Jumatatu asubuhi tufike ofisini tuonekane.

Njiani nilimsimulia mama yote kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini. Nilidhani angelia au angecheka. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini niliongeza ile nyekundu. Nilimwambia niliona inapendeza. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutembea mbele yangu, sinia likiwa chini ya kwapa.

Jumatatu zile zilikuwa ndefu kuliko siku za ghalani. Tulikaa kwenye benchi la ofisi tukingoja mtu atutazame na kutuandika. Wakati wa kupalilia ulifika, tukakaa benchini. Dada yake mama alipougua huko Nyakasimbi, mwendo wa siku moja kwa miguu, tuliomba ruhusa tukanyimwa. Alizikwa bila sisi. Mama hakuomba tena kitu kwa mtu yeyote. Mbele ya majirani aliongea Kiswahili chake kile kidogo, hata na waliozoea kuongea naye Kinyambo, na walipomjibu kwa Kinyambo aliendelea na Kiswahili.

Vita vilikwisha. Kamanda alirudi kwenye mibuni yake. Jumatatu moja tulifika ofisini tukakuta mlango umefungwa. Tulikaa mpaka jua likawa utosini, mtu hakuja, tukarudi. Jumatatu iliyofuata ilikuwa vile vile. Nilimwambia mama kwamba imekwisha, hakuna anayetungoja tena.

“Nani kakwambia?” aliuliza.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Hakuna aliyekuja kutuambia baadaye. Mimi niliacha kwenda mwezi ule. Mama aliendelea. Kila Jumatatu alioga, akajifunga kitenge chake kizuri, akaenda kukaa kwenye benchi mbele ya ofisi iliyofungwa, na baada ya saa moja hivi akarudi kulima. Nilipoolewa Nyakakika miaka iliyofuata alikuwa bado anakwenda.